Hadithi Moja, Mara Tatu: Zoezi la Nne-Tatu-Mbili kwa Walimu wa Lugha

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya walimu wa lugha hapa Mombasa. Nimeyaandika kamili kwa wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Walimu wenzangu, wake kwa waume, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Naona mbele yangu walimu wa Kiswahili kwa wageni, walimu wa Kiingereza wa shule zetu, na wale wanaowafundisha waongoza watalii Kijerumani na Kiitaliano. Lugha ni mbalimbali, lakini mwanafunzi mmoja tunamjua sote. Sarufi anaijua. Mtihani wa kuandika anapita. Mpeleke Marikiti akaulize bei ya iliki, atasimama katikati ya sentensi akitafuta kitenzi, na mwuza viungo, kwa huruma tu, atambadilishia lugha. Mwanafunzi huyu amekosa nini? Maneno anayo. Kanuni anazo. Alichokosa ni kuvifikia upesi vile alivyo navyo tayari. Leo nataka tuzungumzie zoezi moja linalotibu ugonjwa huo na si mwingine: nne-tatu-mbili.

Zoezi lenyewe linaelezeka kwa pumzi moja. Mwanafunzi anasimulia hadithi kwa dakika nne kwa mwenzake, ambaye kazi yake ni kusikiliza tu. Kisha anahamia kwa msikilizaji wa pili na kusimulia hadithi ileile kwa dakika tatu. Kisha kwa msikilizaji wa tatu, hadithi ileile, dakika mbili. Wa kwanza kulieleza kwa maandishi alikuwa mwalimu Keith Maurice, mwaka 1983. Mwaka 1989 Paul Nation wa Wellington, New Zealand, alilichunguza kwa kuwarekodi wanafunzi, akaona kwamba kutoka raundi ya kwanza hadi ya tatu kasi inapanda na kusitasita kunapungua. Tangu hapo limeenea duniani, na limeharibiwa mara nyingi pia, kwa sababu walimu wengi hushika saa na kusahau mengine.

Basi nauliza: kwa nini msikilizaji abadilike? Kwa nini asibaki yule yule, tukaokoa vurugu ya viti?

Kuna darasa la Kijerumani la waongoza watalii, vijana wanaotembeza wageni Mji wa Kale. Hadithi yao ilikuwa ya Ngomeni: Wareno walivyoanza kuijenga mwaka 1593, na Waomani walivyoizingira kuanzia 1696 hadi wakaitwaa 1698. Hadithi hii wanaisimulia kwa Kiswahili na Kiingereza kila siku. Mwalimu wao aliwaacha wawili wawili, wasihame. Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Raundi ya pili, kijana mmoja akaanza kusema, kwa Kijerumani chake, “kama nilivyokwambia, walizingirwa, wakafa kwa maradhi, ikaisha.” Raundi ya tatu alimaliza kabla ya dakika moja, akabaki anatazama dirisha. Ukimsikiliza kwa juujuu utadhani amepata kasi. Hakupata kasi. Alipunguza hadithi, kwa sababu aliyekuwa mbele yake alishaijua. Tena ndiyo adabu ya mazungumzo: humrudii mtu jambo aliloambiwa sasa hivi.

Wiki iliyofuata mwalimu aliwapanga safu mbili zinazotazamana, safu ya wasikilizaji ikawa inasogea kiti kimoja kila raundi, na wa mwisho anazunguka kurudi mwanzo. Kijana yule yule, Ngome ile ile. Safari hii aliwarudisha Waomani wote na mashua zao, kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yake hakuwa ameyasikia kutoka kwake. Msikilizaji mpya ndiye anayemfanya msimulizi aseme habari nzima. Ukimwondoa, unabaki na kukariri.

Na kwa nini hadithi iwe ileile? Kwa sababu mtu anayesema anafanya kazi kadhaa kwa pamoja: kutafuta la kusema, kulitafutia maneno na umbo la sentensi, na kulitamka. Raundi ya kwanza kazi zote zinagombania akili moja. Raundi ya pili, la kusema limeshajulikana. Raundi ya tatu, hata maneno mengi yameshapita mdomoni mara mbili. Nguvu iliyoachwa huru inaingia kwenye mtiririko.

Na saa, je? Saa ina kazi ndogo kuliko tunavyodhani. Inamzuia msimulizi asijaze muda kwa mambo mapya. Ukimpa dakika nne mara tatu, raundi ya tatu ataongeza shangazi na mjomba ambao hawakuwamo, na kila jambo jipya linamrudisha kwenye kutafuta. Saa inamfunga kwenye yale aliyokwisha kuyasema.

Walimu wangu, sasa tuingie ndani ya hadithi moja tuone kinachotokea sentensi kwa sentensi. Nimechagua Abunuwasi na sufuria, maana nani hapa hakuisikia utotoni? Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani, anasema imezaa. Jirani anafurahi, anapokea. Anaazima tena, kubwa zaidi, wala harudishi. Akiulizwa, imekufa. Kesi inafika kwa kadhi: uliyekubali sufuria kuzaa, unakataaje kufa kwake? Matukio machache, yanafuatana, maneno ya kawaida. Kwa mgeni aliyejifunza Kiswahili miezi kadhaa, hakuna neno geni humo.

Mwanafunzi ninayemfikiria ni mama wa makamo, daktari kwa kazi yake, ambaye alitaka kuzungumza na wagonjwa wake bila mkalimani. Raundi ya kwanza alianza hivi, na nawaomba msikilize vituo vyake:

“Abunuwasi alikwenda kwa jirani… aa… kwa jirani yake, ali… alitaka… aliazima sufuria. Halafu yeye ali… alirudisha sufuria na… ndani ya sufuria… kulikuwa na… sufuria ndogo. Jirani aliuliza, hii… ni nini? Abunuwasi alisema, sufuria yako… alizaa.”

Sehemu hiyo ilimchukua dakika nzima. Raundi ya tatu, sehemu hiyohiyo ilikuwa hivi:

“Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake, akapika, akairudisha na sufuria ndogo ndani yake. Jirani akauliza, hii ni nini? Akamwambia, sufuria yako alizaa.”

Nusu dakika. Mmesikia nini?

Wengi mtajibu: amekwenda mbio. Kweli, lakini hilo ndilo dogo. Sikilizeni vituo vimehamia wapi. Raundi ya kwanza alikuwa akikwama ndani ya kitenzi chenyewe, “ali… ali…”, na katikati ya “kulikuwa na” na kile kilichokuwamo. Raundi ya tatu anapumzika pale ambapo mimi na wewe tungepumzika, tukio moja likiisha na jingine likianza. Msemaji mzuri hunyamaza pia, ila hunyamaza mipakani. Kwa hiyo ukitaka kujua kama zoezi linafanya kazi, usitazame saa peke yake; sikiliza kimya kimekaa wapi.

Sikilizeni pia ile -ka-. Raundi ya kwanza kila kitenzi kilibeba -li-: alikwenda, alirudisha, aliuliza, alisema, kama orodha ya mashtaka. Raundi ya tatu ametoa -li- moja ya kufungulia, kisha akapika, akairudisha, akamwambia. Hakuna aliyemkumbusha. -ka- alikuwa amefundishwa zamani, akaiandika vizuri daftarini, lakini mdomoni ilikuwa haijafika. Muda ulipobana na hadithi ikawa nyepesi, ilipata nafasi ya kutoka. Haitokei kwa kila mwanafunzi, tena haitokei kabisa kwa asiyeijua -ka-. Zoezi hili halifundishi kipya. Linakitoa nje kile kilichomo.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye suala la kuhesabu, kwa sababu linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengine. Vitabu vya Kiingereza vinapima kasi kwa maneno kwa dakika. Tukikopa kipimo hicho kikavu, tutawapunja wanafunzi wetu. Mwanafunzi dhaifu anasema “yeye alirudisha kwa yeye”: maneno manne. Mwanafunzi aliyeiva anasema “akamrudishia”: neno moja. Kwa hesabu ya maneno, aliyeiva ameshuka!

Hesabuni silabi. Na katika Kiswahili silabi ni rahisi, kwa kuwa karibu kila irabu ni silabi moja, pamoja na ile m inayosimama peke yake kabla ya konsonanti. A-ka-m-ru-di-shi-a: saba. Rekodi kwa simu, andika kipande kilekile cha hadithi kutoka raundi ya kwanza na ya tatu, futa “aa” zote, vipande vilivyokatika na maneno aliyoyasahihisha, kisha hesabu. Kipande cha daktari wetu raundi ya kwanza, baada ya kufuta, kina silabi 89 kwa sekunde 60. Raundi ya tatu kina silabi 69 kwa sekunde 30, yaani 138 kwa dakika. Mnaona? Jumla imepungua kwa sababu amesema kwa ufupi na kwa ustadi zaidi, lakini kasi imepanda zaidi ya nusu. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumhesabia kila mtu. Achague wachache, kipande kifupi cha mwanzo. Kinatosha kuonyesha njia.

Lakini subirini. Kuna jambo katika raundi ya tatu limekuchomeni masikio, nami limenichoma. “Sufuria yako alizaa.” Raundi ya kwanza, alizaa. Raundi ya tatu, alizaa. Kasi imepanda, kosa limebaki, na sasa linatoka bila kusita. Je, tumemsaidia, au tumelipiga kosa chapa?

Swali hili si langu peke yangu. Frank Boers alilichunguza upya zoezi hili mwaka 2014, akaona kwamba muda unapopungua wanafunzi hurudia vipande vizimavizima neno kwa neno, na makosa husafiri pamoja navyo. Mwaka 2016 yeye na Chau Thai waliwalinganisha wanafunzi wa Vietnam: baadhi walisimulia kwa muda unaopungua, wengine kwa muda ule ule mara tatu. Waliopunguziwa muda walipata kasi zaidi. Waliobaki na muda ule ule hawakupata kasi kiasi hicho, lakini sarufi yao ilipata nafuu kidogo, na sentensi zao zikawa na umbo pana zaidi. Ukimbana mtu, anashika alichonacho mkononi. Hana nafasi ya kukigeuza akikague.

Tufanye nini basi? Rai yangu ni hii, nami naisimamia. Usimkatize msimulizi akiwa njiani, hata kosa likuume vipi. Ukimkatiza umeua zoezi, kwa sababu mawazo yake yanatoka kwenye hadithi na kwenda kwenye sarufi. Lakini baina ya raundi ya kwanza na ya pili pana mlango. Pita nyuma ya safu wakati wa zile dakika nne, sikiliza kosa linalojirudia kwa wengi, na kabla hawajahama andika ubaoni jambo moja. Moja tu. Kwa Abunuwasi, utaandika: sufuria imezaa, sufuria imekufa. Wape dakika moja ya kunong’ona sentensi hiyo, kisha kengele, wahame. Daktari yule, tulipofanya hivyo na hadithi yenyewe siku nyingine, alisema “imezaa” raundi ya pili, akateleza kwenye “amekufa” mbele ya kadhi, kisha akajirekebisha mwenyewe raundi ya tatu. Ukiandika makosa matano ubaoni, hapati hata moja, na mtiririko unaondoka pia.

Na kama darasa bado halijauzoea upatanisho wa ngeli, acha muda usipungue. Wape tatu-tatu-tatu. Nne-tatu-mbili iwekeni akiba kwa lugha iliyokwisha kukaa.

Hilo linanileta kwenye uteuzi wa hadithi, maana hapa ndipo zoezi hufa mara nyingi. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, mwenye bidii kweli, aliwapa wanafunzi wake habari ya gazeti kuhusu makontena bandarini: ushuru, wakala wa forodha, ucheleweshaji wa mizigo. Aliona ni mada ya mji wetu, itawavutia. Raundi ya kwanza walikwama. Raundi ya pili walikwama. Raundi ya tatu walikwama, tena palepale, kwenye neno lilelile. Alama hiyo ishikeni sana: kimya kinachobaki mahali pamoja raundi zote tatu si uzito wa ulimi, ni upungufu wa msamiati, na saa haiongezi msamiati. Kimya cha uzito wa ulimi hupungua au huhama. Nation ameshikilia miaka mingi kwamba mazoezi ya kasi yatumie lugha ambayo mwanafunzi anaijua yote tayari. Ukiona hata maneno machache mageni ndani ya hadithi, yafundishe jana yake au tafuta hadithi nyingine. Pia msiwaruhusu kushika karatasi iliyoandikwa sentensi. Picha chache za matukio, au neno moja kwa kila tukio, basi.

Dalili nyingine mbaya ni mwanafunzi anayemeza silabi ili aiwahi kengele. Viambishi ndivyo humezwa kwanza, hujui kama alisema anapika au alipika. Dawa yake ni msikilizaji: mwambieni mapema kwamba baada ya kengele atamweleza msimulizi jambo moja alilolielewa. Msimulizi akijua kuna mtu anamtegemea amwelewe, atatamka. Na mwanafunzi asiyefika mwisho wa hadithi katika dakika mbili? Mwacheni. Kufika mwisho si sharti. Lakini kama darasa zima halifiki hata kwenye sufuria ya pili, hadithi ni ndefu, au nne-tatu-mbili ni nzito kwao. Wanaoanza wapewe mbili, moja na nusu, moja.

Najua walimu wa shule mnaniuliza kimoyomoyo: kipindi cha dakika 40, watoto zaidi ya hamsini, madawati ya kubanana, nitahamisha nani? Hesabu ni hii. Msimulizi mmoja anahitaji dakika tisa, ukiongeza kuhama na ile dakika ya ubaoni, ni kama dakika kumi na mbili au tatu. Pande zote mbili zikisimulia, sehemu kubwa ya kipindi imekwisha. Basi leo isimulie nusu moja, kesho nusu ya pili. Dawati la mbele ligeuke lilitazame la nyuma. Wanaogeuka ndio wasikilizaji, ndio wanaosogea nafasi moja kuume. Makelele yatakuwepo, na yana faida: mtoto mwenye haya husema kwa uhuru sauti yake ikimezwa na za wenzake. Mwanafunzi akizidi mmoja, aingie mahali kama msikilizaji wa pili. Wewe usikae kiti hicho, kwa sababu kazi yako ni kutembea na kusikiliza.

Limebaki swali ambalo kwangu ndilo kubwa. Tuseme ameisimulia sufuria mara tatu, ameimudu. Je, amepata wepesi wa kusema Kiswahili, au amepata wepesi wa kusema habari za sufuria?

Mwaka 2011 Nel de Jong na Charles Perfetti walifanya jaribio na wanafunzi wa Kiingereza huko Pittsburgh, Marekani. Kundi moja lilirudia mada moja katika raundi zote tatu. Kundi jingine lilipewa mada mpya kila raundi, kwa muda uleule wa nne, tatu, mbili. Wakati wa mazoezi yenyewe, makundi yote mawili yaliongeza kasi. Lakini walipopimwa baadaye kwa mada ambazo hawakuwahi kuzizungumzia, waliorudia ndio waliobaki na faida. Kurudia ndiko kulikohama nao kwenda kwenye mada mpya.

Kwa hiyo msijipime kwa raundi ya tatu. Raundi ya tatu hupendeza kila mara, inamfurahisha mwanafunzi, na mwacheni afurahi. Ninyi chukueni raundi ya kwanza. Wiki hii Abunuwasi na sufuria, wiki ijayo Sungura na Fisi, wiki ya tatu kisa cha safari ya feri ya Likoni siku iliyokwama. Linganisheni raundi ya kwanza ya hadithi mpya na raundi ya kwanza ya hadithi iliyopita: silabi kwa dakika, na vituo vimekaa wapi. Hadithi mpya, hakuna aliyeirudia, hakuna kengele inayobana. Kama hapo mwanafunzi anakwama mipakani badala ya katikati ya kitenzi, faida ni yake, ataibeba hadi Marikiti.

Maneno yangu yamefika hapo. Sasa nawaomba safu za mbele mgeuze viti muwatazame walio nyuma yenu. Walio nyuma mtasimulia, kwa lugha mnayofundisha, si kwa lugha ya mama. Hadithi ni ya sufuria. Walio mbele mnasikiliza tu, msisaidie neno. Dakika nne zinaanza.